Advansi siyo mauzo, dada!

Anayeuza magauni ya Kariakoo kupitia Instagramu hukwama kwenye advansi. Mteja akituma 20,000 kwa M-Pesa kwa gauni la 45,000, hela hiyo bado ni yake: iandike safu ya "advansi", na zile 25,000 kwenye "salio". Bodaboda akishafikisha mzigo na salio likaingia, ndipo uandike mauzo 45,000. Gauni likirudi kwa kubana na ukarudisha hela, kata mauzo hayo kwa mstari mmoja, karatasi usiichane. TRA humkadiria mfanyabiashara mdogo kwa mauzo ya mwaka, siyo faida, kwa hiyo gauni lililorudi likibaki kwenye mauzo unalilipia kodi. Na ile 50,000 ya sokoni anayotuma mumeo? Ipite laini nyingine jamani, maana kwenye taarifa ya M-Pesa inafanana kabisa na hela ya mteja.