Mwanahisa Kushtaki kwa Niaba ya Kampuni: Ufafanuzi wa Dhana kwa Mfano wa Biashara ya Sangara Mwanza

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua shauri ambalo mwanahisa hulifungua kwa niaba ya kampuni dhidi ya wakurugenzi waliokiuka wajibu wao. Hoja kuu ni kwamba haki inayodaiwa katika shauri hilo ni ya kampuni, wala si ya mwanahisa, na kwamba masharti yake yanatokana na jambo hilo.

2.0 Msingi wa Dhana

Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Ikidhulumiwa, mwenye kushtaki ni yenyewe. Kanuni hii ilibainishwa Uingereza mwaka 1843 katika shauri la Foss dhidi ya Harbottle, ambamo wanahisa wawili waliwalalamikia wakurugenzi kwa kuiuzia kampuni ardhi yao wenyewe kwa bei ya juu. Shauri lao lilikataliwa. Hata hivyo, kanuni hii ikifuatwa bila kighairi, kampuni hukosa mtetezi pale ambapo wenye uwezo wa kuiamuru ishtaki ndio waliokosa.

3.0 Mfano

Ichukuliwe, kwa kubuni, kampuni ya kusindika minofu ya sangara mjini Mwanza. Wakurugenzi wawili, wenye hisa 60 kati ya 100, wanaiuzia kampuni yao nyingine kilo 2,000 za mabondo kwa shilingi 60,000 kwa kilo, ilhali wanunuzi wengine wako tayari kulipa shilingi 100,000. Kampuni inapoteza shilingi 80,000,000. Mwanahisa mwenye hisa 10 huweza kudhani kwamba anadai shilingi 8,000,000. Hilo ni kosa, kwani hasara yake ni kivuli tu cha hasara ya kampuni. Kampuni ikirejeshewa fedha zake zote, thamani ya hisa zake nayo hurejea.

4.0 Utaratibu na Mipaka

Nchini Tanzania, njia ya kufuata imo katika kifungu cha 234 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Kwanza, mwanahisa huwapa wakurugenzi notisi, ili bodi ipate nafasi ya kushtaki yenyewe. Wasipofanya hivyo, huomba ruhusa ya Mahakama Kuu, akionyesha kwamba ana nia njema na kwamba shauri litaifaa kampuni. Katika mfano huu, ankara za mauzo na bei zilizotolewa na wanunuzi wengine zingekuwa ushahidi wa maana kuliko manung'uniko yake.

Maombi mengi ya namna hii hudhoofika pale mlalamikaji anapochanganya madai mawili. Kunyimwa gawio lake au kuzuiwa kupiga kura ni dhuluma dhidi yake binafsi, na njia yake ni kifungu cha 233.

5.0 Hitimisho

Kipimo cha kutofautisha madai hayo ni swali moja: shauri likishinda, fedha zitaingia mfuko wa nani? Zikiingia mfuko wa kampuni, mwanahisa ameazima tu sauti yake.