Pilau ya Idi Pili, wote mnakaribishwa

Tangazo la sikukuu la mwenyekiti wa mtaa lina mtego mmoja wakati wa Idi: mwezi. Akiandika tarehe, na mwezi usiandame, watu watafika sufuria haijainjikwa. Ndiyo maana mwenyekiti mzoefu huandika “Idi Pili, saa 7 mchana”, basi.

Shukrani nazo zataka kutaja kazi yenyewe. “Asanteni vijana mliozibua mtaro kabla ya masika” humfikia aliyeshika koleo; “asanteni wote” haimfikii mtu. Kuorodhesha majina ni hatari kidogo, maana atakayerukwa atanuna hadi Idi ijayo.

Kisha hesabu ya mpishi. Kilo 1 ya mchele hushibisha watu 8 hivi, kwa hiyo wageni 80 wanahitaji kilo 10. Tangazo liseme pia kila nyumba ije na sahani zake.