Kazi za Kroni Saa Zinapobadilishwa

Seva inayofuata saa za Berlin inaweza kuwa na mstari huu wa kroni, unaotuma ankara kila siku saa nane na nusu usiku:

```
30 2 * * * /opt/ankara.sh
```

Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane inapotimia, saa hurukishwa hadi tisa. Nane na nusu haipo, na ankara huenda zisitoke. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa hurudishwa nane. Nane na nusu hufika mara mbili, na mteja anaweza kudaiwa mara mbili. Kroni ya Debian hurekebisha hali hiyo, lakini si kila kroni hufanya hivyo.

Lililo salama zaidi ni kuiweka seva kwenye UTC, isiyobadilika. Kazi inayolazimika kufuata saa za Berlin ipangwe saa kumi alfajiri, nayo iandike tarehe iliyokwisha kushughulikiwa ili isiirudie.