Ovalodi Inapokata Mota Mpya ya Kisima

Swali: Tumefunga pampu mpya kwenye kisima kirefu cha kijiji. Mota ni ya fezi tatu, kilowati 5.5, na kibao chake kimeandikwa ampia 13. Ikiwaka inavuta maji vizuri, lakini baada ya kama nusu saa ovalodi inakata. Fundi anataka kuipandisha ovalodi kutoka ampia 13 hadi 16. Tumruhusu?

Jibu: Msimruhusu. Ovalodi inawaeleza kwamba kuna waya unaopata moto kupita kiasi. Mkiipandisha, kitakachofuata kukata ni koili za mota yenyewe, na hapo itabidi mabomba yote yang'olewe.

Ampia pimeni kwenye kila fezi, pampu ikiwa inavuta maji. Tuseme mmepata 15.6, 12.4 na 11.0. Jumla ni 39, kwa hiyo wastani ni 13, sawa kabisa na kibao. Na anayepima waya wa pili au wa tatu tu anaweza kusema mota ni nzima. Lakini fezi ya kwanza imezidi wastani kwa 2.6, yaani asilimia 20. Kwa mota za kuzamishwa, tofauti isizidi asilimia 5.

Tofauti hiyo inatoka kwenye umeme au kwenye mota? Fundi azime swichi kuu na kuifunga, kisha ahamishe nyaya tatu za mota kwenye paneli, kila mmoja hatua moja upande uleule: wa kwanza uende nafasi ya pili, wa pili ya tatu, wa tatu ya kwanza. Asibadilishane nyaya mbili tu, maana pampu itazunguka kinyume. Awashe, apime tena.

Ampia kubwa ikihama pamoja na waya wa mota, kasoro iko chini: kwenye mota, kebo au kiungo chake kisimani. Ikibaki kwenye fezi ileile ya paneli, mota haina kosa. Umeme unaoingia hauko sawa.

Na umeme hauhitaji kupishana sana. Volti zikiwa 401, 390 na 388, tofauti na wastani ni asilimia 2 tu, lakini ampia hupishana mara sita hadi kumi ya hapo.

Basi pimeni volti kabla na baada ya kila fyuzi na kila mguso wa kontakta, pampu ikifanya kazi. Zikipungua kwa volti kadhaa mahali pamoja, mguso huo umelegea au umeungua. Kazeni au badilisheni. Zikiwa zinapishana tangu kwenye mita, pelekeni vipimo hivyo shirika la umeme. Ovalodi ibaki kwenye 13.