"Leo Uko Tofauti": Sifa, Kilemba cha Ukoka au Kutongozwa?

"Leo uko tofauti" ni kauli isiyotaja kilichobadilika wala kusema kama mabadiliko yanapendeza. Msemaji hubaki na mlango wa kutokea: akikaribishwa ataendelea, akikataliwa atasema alimaanisha nywele tu. Ndiyo maana maneno yenyewe hayatoshi kuonyesha nia. Kinachosaidia ni mazingira na yanayofuata.

Chukua mfano wa mhasibu aliyefika ofisini amesuka upya. Mwenzake akimwambia hivyo mbele ya watu, kisha akaendelea na kazi zake, hiyo ni sifa ya kawaida. Akiifuatisha na ombi, tuseme fomu yake ya malipo ipitishwe haraka, huenda anamvisha kilemba cha ukoka. Lakini akingoja wabaki wawili, akashusha sauti, akamtazama kwa muda na kuuliza, "Unatoka na nani jioni?", mazungumzo yamehama kutoka kwenye nywele hadi maisha yake binafsi. Hapo dalili za kutongoza zina nguvu zaidi.

Jibu fupi husaidia kupambanua: "Asante, nimesuka jana." Mwenye sifa tu huridhika, mwenye haja huileta, mwenye mapenzi hutafuta swali jingine la kumrefushia maongezi.

Hata hivyo, mara moja si ushahidi, kwani wapo wachangamfu kwa kila mtu. Cha kuangalia ni kama kauli hizo hujirudia, na kama huelekezwa kwa mtu mmoja tu.