Hamia kwanza, tutaongea baadaye

Nilikwenda Mbagala kutafuta habari za kodi za vyumba, za wenye nyumba wanaotaka miezi sita kwa mkupuo, nikarudi na habari nyingine kabisa. Mama niliyeelekezwa kwake ni msaidizi wa kisheria, na pia ni mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa la kata. Mtaani wanamwita Shangazi, naye aliniomba nimwite hivyo hivyo gazetini. Nilipomuuliza kuhusu wapangaji waliotolewa vyombo nje, alicheka, akavuta kaunta buku lake, akalifungua katikati na kuniambia, "Mwanangu, habari ya kodi iko humu."

Kila ukurasa ulikuwa umepigwa rula safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya mwanamume, ya pili ni ya mwanamke. Juu ya safu ya tatu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Walisemezana nini kabla ya kuhamia." Nilipekua. Safu mbili za mwanzo zimejaa hadi pembeni, mistari imebanana, mahali pengine ameongeza kwa penseli. Ya tatu ina kistari. Ukurasa unaofuata, kistari. Unaofuata, "alisema njoo tuokoe kodi", kisha kistari.

"Hawa wote walikuja kugombania friji, kiwanja, mtoto," alisema Shangazi. "Mimi nikiwasikiliza naona wanagombania hicho kistari."

Watu wakifika kwake hawaulizi kama wana ndoa wala kama walipendana. Huwatenganisha, mmoja anakaa kibarazani, mwingine ndani, kisha anauliza vitu vidogo vidogo. Godoro mnalolalia lilitoka chumba cha nani? Siku linaletwa, nani alikuwa amebaki na kodi ya kulipa? Mwenye nyumba aliambiwa huyu ni nani? Majirani wanakuita mama nani? Kwao kulipotokea msiba, ulikwenda, na ulipofika ulikaa na wageni au uliingia jikoni na wakwe? Maswali hayo yanaonekana ya umbea, lakini kila moja lina kazi.

Kazi yenyewe inatokana na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya wajulikane kama mume na mke, sheria inachukulia kwamba wameoana, mpaka mmoja athibitishe vinginevyo. Wengi wetu tunaijua hiyo miaka 2, na tunaisimulia kama vile saa inagonga na watu wanaamka wakiwa na ndoa. Kumbe miaka peke yake haitoshi. Kuna kule kujulikana, na kujulikana hutengenezwa na godoro, mwenye nyumba na jiko la msibani.

Shangazi alinieleza kisa cha watu wawili ambao sitawataja. Mwanamume ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwanamke ni msusi. Walikuwa wakionana kwa miezi kadhaa, kila mtu na chumba chake. Cha msusi kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kodi yake ilipokaribia kuisha alitakiwa kutoa 360,000 kwa pamoja, na saluni siku hizo ilikuwa imelala. Fundi akamwambia ya nini kulipa kodi mbili, sogea tukae. Akasogea na godoro la futi nne kwa sita, jiko la gesi la mtungi mdogo, mabeseni mawili na begi.

Mwenye nyumba wa fundi hakutaka wahuni kwenye nyumba yake. Kwa hiyo fundi alimwambia, "Huyu ni mke wangu." Mama yake wa kijijini, fundi alimwambia kwa simu kwamba "kuna mtu". Msusi mwenyewe hakuambiwa kitu. Naye hakuuliza, kwa sababu, alivyomweleza Shangazi, mwanamke akiuliza mapema anaonekana ana haraka, na akiuliza baada ya kuhamia anaonekana mjinga.

Mwaka wa pili walinunua kiwanja upande wa Vikindu kwa shilingi 2,400,000. Msusi alitoa 900,000 alizokopa kwenye vikoba. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa jina la fundi peke yake, maana ndiye aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Mwaka wa tatu ukoo wa fundi ulipeleka barua ya posa Morogoro, kwa binti mwingine.

Maneno yao yamo kwenye daftari. Safu ya mwanamume: "Sikuwahi kumwambia nitamuoa." Safu ya mwanamke: "Hakuwahi kuniambia hatanioa." Nilisoma mara ya pili nikitafuta nani anadanganya, nisimwone.

"Hapo ndipo watu wanaponitaka niseme nani mbaya," Shangazi alisema. "Huyu kijana si mbaya. Kwake yeye walikuwa wanasaidiana kodi na wanaelewana. Binti kwake yeye alikuwa ameolewa, bado sherehe. Wamelala godoro moja miaka mitatu, kila mmoja kwenye uhusiano wake."

Kisheria, fundi alianza kujifunga pale alipomtambulisha msusi kwa mwenye nyumba. Angeweza kwenda mahakamani kupinga kwamba kulikuwa na ndoa, lakini hata angeshinda, kifungu hicho hicho kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto akithibitisha waliishi kama mume na mke miaka 2, na yeyote kati yao anaweza kuomba nafuu nyingine zinazotolewa ndoa inapovunjika. Katika mgawanyo wa mali, tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango, sembuse laki tisa za vikoba. Mambo yangekuwa mengine kama fundi angekuwa tayari na mke wa ndoa ya mke mmoja. Mtu asiyeweza kuoa ni vigumu sheria imchukulie kuwa ameoa.

Wakenya wamelikabili jambo hili kwa ukali zaidi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema ndoa ya kudhaniwa itumike kwa nadra sana, kwa kuwa wapo watu wanaoishi pamoja bila nia yoyote ya kuoana, na nia hiyo ni lazima ithibitishwe. Nilimsomea Shangazi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na binti ambaye hakuambiwa nia, ataithibitishaje?" Sikuwa na la kumjibu, na sijalipata hadi leo.

Siku hizi Shangazi ana wateja wengine, vijana wanaokuja kabla ya kuhamia. Wanaletwa na dada zao au na wateja wa zamani waliochomeka. Anachowapa ni kazi ya mshenga. Zamani, anasema, mshenga alitumwa ili swali liulizwe na mtu wa tatu. Jibu likiwa hapana, hakuna aliyeaibika uso kwa uso. Mjini watu wanakutana kwenye daladala na kwenye simu, na chumba cha kupanga hakina mshenga. Swali limebaki mikononi mwa wahusika wenyewe, na wote wawili wanaliogopa.

Kwanza anawaambia waliulize wakati kodi ya kila mmoja ina miezi miwili mbele. Kodi ikibaki wiki moja, anayehama hana uwezo wa kusikia hapana. Hilo ndilo lililonifanya niache habari yangu ya kwanza: kumbe kalenda ya mwenye nyumba ndiyo inayoozesha watu hapa. Pili, muulizaji aanze kutaja lake. "Usimuulize 'unanipenda kweli?' Atasema ndiyo, na ndiyo hiyo haina kazi. Sema, 'Mimi natafuta ndoa, nataka kwetu wakujue kabla ya mwaka kuisha. Wewe unatafuta nini?' Au sema, 'Mimi sitaki ndoa sasa, nataka tuwe pamoja tu.' Hilo nalo ni jibu la heshima, mradi limesemwa."

Hapo nilimkatiza. Je, kijana akisema wazi anataka kampani tu, bila ndoa, halafu wakahamia pamoja, atakuwa salama? Alitikisa kichwa. Mahakama inaangalia mlivyoishi pia, siyo mlivyosemezana tu, na karatasi mliyoandikishana chumbani haiifungi. Asiyetaka ndoa, kwa maoni yake, abaki na chumba chake, na asimwite mwenzake mke mbele ya mwenye nyumba ili mambo yapite. Na anayesema "nitakuoa" ajue hilo nalo lina uzito: Sheria ya Ndoa hiyo hiyo inaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, ingawa haizidi gharama ambazo mtu alizibeba kwa sababu ya ahadi hiyo. Maumivu hayamo kwenye hesabu.

Tatu, ambalo ndilo analolipenda mwenyewe, baada ya jibu la kwanza muulizaji aongeze: "Mama yako akikuuliza mimi ni nani, utamwambia nini?" Anasema wanaume wengi hujibu swali la kwanza haraka na la pili polepole. Fundi angeulizwa hivyo, pengine lingetoka lile la "kuna mtu".

Linalobaki gumu ni jibu la tatu, la "sijui". Shangazi halikatai. Watu wengi, anasema, kweli hawajui, na kuwalazimisha wachague ni kuwafundisha uongo. Ila "sijui" anataka iwekewe tarehe ya kuulizwa tena, na kabla ya tarehe hiyo godoro lisihame. Mimi naona hapo anawadai vijana kitu ambacho mfuko wao hauruhusu. Kodi mbili ni kodi mbili, na binti anayetembeza uji wa asubuhi hawezi kulipia 360,000 muda wa kufikiri wa mwanamume. Nilimwambia hivyo. Alikubali, akasema ndiyo maana safu ya tatu haijai.

Mmoja wa aliowashauri ni binti wa duka la dawa, ambaye nilimkuta pale akinywa chai. Aliuliza, mwenzake akasema hajui, wakakubaliana kuulizana tena baada ya Idi. Idi ilipita. Aliuliza, akajibiwa vile vile, kwa upole na kwa ukweli. Binti amelipa miezi sita mingine ya chumba chake, na wanaendelea kuonana mwisho wa wiki. Shangazi anahesabu hilo kuwa mafanikio. Nilimuuliza binti mwenyewe, akasema swali hilo nimuulize tena kodi itakapokaribia kuisha.