Mtu Mzima Anapotembea Usingizini

Tumchukue mlinzi mmoja wa kubuni, mwenye miaka 33. Amekesha malindo matatu mfululizo, na mchana hakupata usingizi wa maana kwa kelele za watoto na joto la bati. Usiku wa nne ni wa mapumziko. Analala saa nne akiwa hoi. Saa tano na nusu mkewe anasikia komeo likigongwa. Mume amesimama mlangoni, macho wazi, anahangaika na kufuli. Akiulizwa anakwenda wapi, anajibu, "Wameshafunga huko," kisha anaendelea kuvuta. Asubuhi hakumbuki lolote.

Kinachoeleza mengi zaidi hapo ni saa. Usingizi mzito kuliko wote huja katika theluthi ya kwanza ya usiku, na kutembea usingizini huzuka humo. Mtu hushtuka kidogo, lakini ubongo hauamki wote kwa pamoja. Mwaka 2000, watafiti wa Bern, Uswisi, walifanikiwa kupiga picha za ubongo wa kijana akiwa katikati ya tukio kama hilo. Baadhi ya sehemu zilikuwa zimechangamka, huku sehemu za mbele, zinazotusaidia kupima jambo kabla ya kulitenda, zikiwa bado zimetulia. Ndiyo maana mlinzi wetu anaweza kushika kufuli na kujibu swali, lakini hawezi kujiuliza kwa nini yuko mlangoni.

Na kwa nini usiku wa nne? Mwili uliokosa usingizi hulipa deni lake kwa kulala usingizi mzito zaidi, na kutoka humo ni vigumu. Watafiti wa Montreal, Kanada, waliwaweka macho watu wenye hali hii kwa takriban saa 25, kisha wakawaacha walale maabara. Katika usiku wa kawaida ni nusu yao tu walioonyesha dalili. Baada ya mkesha walikuwa tisa katika kila kumi. Kwa hiyo usiku wa kuuchunga hasa ni ule wa kwanza wa kupumzika.

Uchovu huandaa mazingira, halafu kitu kidogo kinamshtua mtu: mbwa akibweka, kibofu kilichojaa, homa, au pumzi inayokatika kwa mtu anayekoroma sana. Huyo wa mwisho apimwe, kwani mkoromo ukitibiwa, mara nyingi matembezi nayo hupungua. Ziko pia dawa za usingizi, hasa zolpidemu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hiyo na jamii yake ziwekewe onyo kali kabisa, kwa kuwa watu walipika na hata kuendesha magari wakiwa usingizini. Aliyeanza kutembea baada ya kuandikiwa dawa hiyo amweleze daktari wake mara moja.

Kuweweseka kwa maneno tu, bila kuinuka, huweza kutokea wakati wowote wa usingizi na kwa kawaida hakuhitaji tiba. Hali ni tofauti mtu wa miaka 50 na zaidi anapoanza kupiga kelele na kurusha ngumi karibu na alfajiri, na akiamshwa anasimulia ndoto ya kupigana. Hiyo inaweza kuwa dalili inayotangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi. Na anayerudia kitendo kilekile kifupi mara kadhaa kila usiku achunguzwe kifafa.

Turudi nyumbani kwa mlinzi. Wengi hukimbilia kumfungia mtu kwa nje. Naomba msifanye hivyo: moto ukizuka hatatoka. Komeo libaki la ndani, na mlangoni itundikwe kengele ndogo ya kumwamsha mke. Funguo za pikipiki na panga vikae mahali asipopajua. Jiko la mkaa, ndoo na vigoda viondolewe kwenye njia ya kitanda hadi mlango. Kama nyumba ni ya ghorofa, alale chumba cha chini. Ikishindikana, dirisha liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani na mlango wa roshani ufungwe. Asilale kitanda cha juu. Chandarua kibaki, ila kisiachwe kikiburuta sakafuni.

Akiinuka, mke asimkamate wala kumtikisa. Si kweli kwamba akiamshwa atakufa, lakini akishikwa ghafla anaweza kumpiga mtu asiyemtambua. Amwambie kwa sauti ya chini, "Baba Asha, twende tukalale," akimwelekeza bila kumvuta.

Matukio yakiwa karibu kila usiku na saa ileile, kuna njia ya kujaribu. Mke aandike saa kwa wiki mbili. Kama ni saa tano na nusu, amwamshe kwa upole saa tano na robo, ahakikishe ameamka kweli, kisha amwache alale tena, kila usiku kwa wiki kadhaa. Na kabla ya usiku ule wa kwanza wa mapumziko, watoto wapelekwe kwa bibi mchana ili baba yao alale.